YAH: Ombi la barua ya mapendekezo kwa ajili ya ufadhili wa masomo (mwisho Ijumaa, 27 Machi 2026)

Assalamu alaykum Maalim Juma,

Shikamoo. Nataraji u mzima, wewe na watu wa nyumbani, na Mola azikubali saumu zetu. Ni mimi Salma, yule wa mkondo wa sayansi uliyenisomesha Kemia Kidato cha Tatu na cha Nne, 2020 na 2021. Nilikuwa nakaa benchi la mbele upande wa dirisha na yule mwenzangu mrefu uliyekuwa ukimwita Mnara. Baada ya Kidato cha Sita nilichaguliwa SUZA, na sasa nipo mwaka wa pili wa Shahada ya Sayansi na Elimu hapa Tunguu. Masomo yangu ya kufundishia ni Kemia na Baiolojia.

Nakuandikia kukuomba barua ya mapendekezo. Kuna mfuko unaowalipia ada wanafunzi wa kike wanaosomea ualimu wa sayansi, kuanzia mwaka wa masomo 2026/27. Wanataka barua mbili: moja ya mhadhiri, ambayo nimeshaahidiwa hapa chuoni, na moja ya mwalimu wa sekondari aliyemsomesha muombaji kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Huyo wa pili ningependa uwe wewe. Mwalimu wa Kidato cha Tano na cha Sita ananijua kwa alama zaidi. Wewe ulinijua tangu mlinganyo wa kemikali haujanikalia sawa.

Hali ya nyumbani unaijua kwa kiasi, lakini nikueleze ili usilazimike kubahatisha. Baba hana shamba lake. Hukodi mikarafuu, na msimu ukiwa mdogo huenda kuwachumia wenzake kwa malipo ya pishi. Karafuu nayo, kama ujuavyo, ikizaa sana mwaka mmoja, mwaka unaofuata mti hupumzika. Ule mwaka niliojiunga na chuo ulikuwa wa neema. Msimu uliopita tulianika majamvi machache tu, na zilipokwisha kuuzwa, kodi ya mikarafuu ikatangulia mbele ya kila kitu. Mkopo ninaopata unagusa sehemu ya ada tu. Iliyobaki, pamoja na malipo ya dakhalia, ndiyo inayotutoa jasho, na mdogo wangu naye yuko Kidato cha Pili hapo hapo kwenu.

Kwenye tangazo wameandika wazi kwamba hawataki barua ya kusema "ni mwanafunzi hodari mwenye nidhamu" halafu basi. Wanataka mambo ambayo mwalimu ameyaona kwa macho yake. Kwa hiyo naomba radhi nikukumbushe mawili matatu, maana umeshapitiwa na wanafunzi wengi baada yetu. Linalofaa litumie, lisilofaa liache.

La kwanza ni zile praktiko za asidi na besi. Bureti zilikuwa chache, makundi mengine tukipimia kwa mabomba ya sindano, na kila kundi lilitaka jibu lake lifanane na la jirani. Siku moja kundi letu tulitia asidi tone kwa tone mpaka methili oranji ikatoka njano kuja rangi ya chungwa, tukasoma, tukarudia, na kila mara tukapata namba zinazokaribiana wenyewe kwa wenyewe lakini zilizo mbali na za darasa zima. Wenzangu walitaka tuandike za kundi la pili. Nilikataa, tukakuita. Uliangalia daftari, ukauliza tumeosha chupa kwa kitu gani, kisha ukasema, "Andikeni mlichokiona, sababu tutaitafuta baadaye." Baadaye ilionekana kundi letu lilipewa asidi ya chupa nyengine. Sisemi hili kwa kujisifu, Maalim. Ila fomu ina swali juu ya uaminifu wa muombaji katika masomo, na mimi sijui shahidi mwengine wa jambo hilo isipokuwa wewe.

La pili ni wakati wa korona, skuli zilipofungwa Machi 2020. Uliniachia karatasi za mitihani ya nyuma, nikawa nazinakili kwa mkono na kuwapitishia wasichana wa mtaani kwetu ambao nyumbani kwao hakuna simu. Tulikuwa tukizifanya barazani kwa bibi, tumekaa mbali mbali, yeye mwenyewe ndiye askari wa kutupima masafa kwa bakora yake. Skuli zilipofunguliwa ulizisahihisha zote, hata za wale wasiokuwa wa darasa lako.

Na kuna suala la kukosa kuhudhuria. Msimu wa karafuu nilikuwa nikikosa siku, na kumbukumbu zangu za mahudhurio zinaonesha hivyo. Naomba usilifiche. Ukiweza, eleza tu kwamba nilikuwa nikija baada ya alasiri kuchukua kazi za siku hiyo, mikono ikinuka makonyo. Naona ni bora walisikie kwako kuliko walione kwenye karatasi peke yake.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja, Kiswahili au Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya skuli, na iwe na saini yako, cheo chako na muhuri. Itaje umenijua kwa muda gani na kwa nafasi gani. Halafu wanataka uthibitishe kwamba huna undugu na muombaji. Hapo nilicheka, maana Wete kumpata mtu asiye ndugu nayo ni kazi. Lakini mimi na wewe nimeulizia hadi kwa bibi, na hatukupata pa kuungana.

Ikishatiwa muhuri inatumwa na mwalimu mwenyewe kwa anwani iliyo chini ya tangazo, katika muundo wa PDF. Mimi sitakiwi kuiona, wala sitokuuliza umeandika nini. Kama kuskani itakuwa usumbufu, niambie, mdogo wangu atakusindikiza hadi duka la steshenari na gharama nitamtumia yeye.

Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, tarehe 27 Machi, saa kumi jioni. Idi inatarajiwa karibu na tarehe 20, na najua wiki ile hakuna atakayeshika kalamu, wala mwenye muhuri hatopatikana ofisini. Ndiyo maana naandika mapema. Ikiwezekana itoke kabla ya kumi la mwisho kumalizika, nitashukuru sana.

Nimeambatisha tangazo la mfuko, matokeo yangu ya Kidato cha Nne na cha Sita, matokeo ya mwaka wa kwanza hapa chuoni, na maelezo yangu ya ukurasa mmoja niliyoyaandika kwa ajili ya maombi, ili barua yako na maneno yangu yasipishane.

Maalim, kama umebanwa na kazi, au kwa sababu yoyote unaona si wewe wa kuniandikia, niambie bila ya kunionea haya. Heshima yangu kwako haitopungua, ila naomba nijue kabla ya tarehe 10 Machi ili nipate muda wa kumuomba mwengine. Namba yangu ni ile ile uliyonayo. Mchana huwa darasani, lakini baada ya futari napatikana.

Nisalimie walimu wote, na Bi Mkubwa wa maktaba mwambie kile kitabu cha Baiolojia alichoniazima nilimrejeshea mdogo wangu akilete. Kama hajakileta, amuulize yeye.

Ahsante sana, Maalim.

Mwanafunzi wako,
Salma
Mwaka wa pili, Sayansi na Elimu
SUZA, Tunguu
Jumatatu, 2 Machi 2026