Ujumbe kwa mwanangu: kazi za nyumbani na saa ya kurudi

Mwanangu, soma hii ukiwa umetulia, si lazima unijibu sasa hivi. Nimeona niandike kwa sababu usiku sote tunakuwa tumechoka, tukianza kuongea tunaishia kupandishiana sauti na jambo lenyewe linabaki palepale.

Kwanza, Jumapili ulimfulia mdogo wako sare bila kuambiwa na mtu. Nililiona, na nilifurahi sana.

Kuanzia wiki hii kazi zako ni mbili tu: vyombo vya usiku, na kutoa taka Jumanne na Ijumaa kabla hujaenda shule. Chumba ni chako, sitakisimamia. Vyombo navyo osha saa utakayo, hata ukitaka kumaliza kwanza kuchati na wenzako. Ninachoomba ni nikiamka nikute sinki tupu, na sufuria pia. Sufuria iliyolowekwa ikalala na maji bado haijaoshwa, na asubuhi ndiyo ninayoihitaji kabla sijakimbilia kazini. Wiki ya mitihani niambie mapema, nitaosha mimi.

Sasa kurudi nyumbani. Siku za shule, saa kumi na mbili na nusu jioni uwe umeingia. Jumamosi ni saa tatu usiku. Nimeongeza kutoka saa mbili kwa sababu siku hizi unarudi kwa wakati. Saa tatu maana yake umo ndani, si uko njiani. Ukiona mambo yanachelewa, nipigie kabla saa haijafika. Ukiniambia saa mbili na nusu, "Mama, usafiri haujapatikana," tunapanga pamoja na hakuna ugomvi. Ukinyamaza, mimi nakaa kitandani na simu mkononi, nasikiliza kila geti linalofunguliwa huko nje. Chaji ikikuishia, azima simu ya mwenzako, namba yangu umeishika kichwani.

Na hili ndilo kubwa kwangu kuliko vyombo na saa zote: ukijikuta mahali ambapo moyo wako haupataki, au aliyetakiwa kukurudisha amekunywa, nipigie hata kama ni saa nane usiku. Nitakuja mimi au baba yako. Njiani hatutakuuliza kitu. Tutaongea kesho yake, ukishalala ukaamka, na hutaadhibiwa kwa kutupigia.

Ukichelewa bila kupiga simu, Jumamosi inayofuata hutoki. Moja tu, kisha yameisha, sitayafukua tena.

Najua Alhamisi mazoezi yenu huwa yanachelewa kwisha, kwa hiyo saa ya siku hiyo bado hatujaipanga. Fikiria ipi inakufaa, pamoja na lolote jingine unaloona si sawa, uniambie leo tukiwa mezani. Natoka kazini saa kumi na moja. Nakupenda.

Mama