OMBI LA LIKIZO YA UTUMISHI WA MUDA MREFU KWA MUJIBU WA KANUNI YA 38 YA KANUNI ZA UTUMISHI

Idara ya Uzalishaji,
Kiwanda cha Mvinyo,
Dodoma.

14 Julai 2025

Meneja Rasilimali Watu na Utawala,
Kiwanda cha Mvinyo,
Dodoma.

K.K.: Mkuu wa Idara ya Uzalishaji

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA LIKIZO YA UTUMISHI WA MUDA MREFU, SIKU 90

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Msimamizi wa Mapokezi ya Zabibu na Matangi. Niliajiriwa katika kiwanda hiki tarehe 4 Machi 2002 na sijawahi kuacha kazi tangu siku hiyo. Naomba kibali cha likizo ya utumishi wa muda mrefu, yenye malipo kamili, kuanzia Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025 hadi Jumamosi tarehe 17 Januari 2026. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 19 Januari 2026.

Ombi hili linasimama juu ya Kanuni ya 38 ya Kanuni zetu za Utumishi, toleo la 2016. Kanuni hiyo inampa mtumishi aliyetimiza miaka 20 ya utumishi mfululizo likizo ya siku 90 za kalenda, mara moja katika utumishi wake wote, na inamtaka aombe kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wake wa idara, si chini ya siku 90 kabla ya kuondoka. Kwa kuwa siku ni za kalenda, sikukuu zinazoangukia humo, yaani Uhuru, Krismasi, tarehe 26 Desemba, Mwaka Mpya na Mapinduzi, zimo ndani ya hizo 90 na sidai zifidiwe.

Naomba sasa nieleze kwa kirefu suala la tarehe yangu ya kuajiriwa, kwa sababu hapo ndipo ombi hili linaweza kukwama.

Mwezi uliopita nilipofika masijala kuuliza utaratibu, karani wa likizo alifungua taarifa zangu kwenye kompyuta akanionyesha kwamba tarehe ya ajira inasomeka 1 Julai 2008. Kwa hesabu hiyo nina miaka 17 tu, na akanishauri nisubiri hadi 2028. Alinihudumia kwa heshima na alikuwa anasoma alichokikuta kwenye mfumo. Lakini tarehe hiyo si ya kuajiriwa kwangu. Ni siku ambayo kiwanda kilipita kutoka kwa mmiliki wa kwanza kwenda kwa mmiliki wa sasa.

Wote tuliokuwapo wakati ule tulipewa barua. Ya kwangu nimeiambatisha. Aya yake ya pili inasema kwamba ninaendelea na kazi yangu kwa masharti yasiyo pungufu, na kwamba utumishi wangu utahesabiwa kuanzia tarehe ya ajira yangu ya kwanza. Hakuna aliyeachishwa kazi siku ile na hakuna aliyeajiriwa upya. Jumanne hiyo tuliingia lango lile lile, tukasaini daftari lile lile la mahudhurio, matangi yakiwa na mvinyo tulioukamua wenyewe.

Kuna ushahidi mwingine ambao naona una uzito kuliko maneno yangu. Kama utumishi wangu wa kwanza ungekoma mwaka 2008, ningestahili kulipwa kiinua mgongo cha kuachishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imekiweka kuwa si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Sikulipwa, wala sikudai, na sikuwa na sababu ya kudai kwa kuwa kazi haikukoma. Haiwezekani utumishi ule ule uhesabike kuwa uliendelea pale malipo yalipopaswa kutoka, kisha uhesabike kuwa ulikatika leo likizo inapoombwa. Taarifa yangu ya michango ya NSSF, ambayo nayo nimeiambatisha, inaonyesha michango iliyopelekwa na kiwanda kuanzia Machi 2002 bila kuruka mwezi hata mmoja pale katikati ya 2008.

Pengo pekee lililomo katika taarifa hiyo ni Juni, Julai na Agosti 2013. Miezi hiyo nilikuwa kwenye likizo bila malipo, nikimuuguza mama huko Mpwapwa, kwa kibali cha maandishi cha ofisi yako. Kanuni ya 9(3) inasema likizo bila malipo iliyoidhinishwa haikati utumishi, ila muda wake hauingizwi kwenye hesabu. Sina ubishi na hilo. Tangu 4 Machi 2002 hadi leo ni miaka 23 na miezi 4. Ondoa miezi 3, inabaki miaka 23 na mwezi 1. Misimu niliyofanya hapa kama kibarua kabla ya 2002 sikuigusa, kwa kuwa haikuwa ajira ya mfululizo.

Kwa hiyo, pamoja na likizo, naomba tarehe ya ajira irekebishwe kwenye mfumo isomeke 4 Machi 2002. Hili nisingependa lichukuliwe kama jambo dogo la masijala. Tunao wenzetu kadhaa wa enzi hizo, kwenye karakana, upakiaji na maabara, na wengine wamebakiza muda mfupi kufikia miaka 60. Kosa la tarehe likiachwa litawafuata hadi kwenye mafao yao ya kustaafu, na hapo mtu hana tena nguvu ya kuzunguka kutafuta barua ya mwaka 2008.

Kuhusu likizo ya mwaka, naomba zisichanganywe. Siku 28 za kila mwaka ni haki ya kisheria chini ya kifungu cha 31 cha Sheria niliyoitaja. Likizo ya Kanuni ya 38 haimo katika Sheria hiyo. Ni stahiki ambayo mwajiri aliiweka mwenyewe juu ya kile ambacho Sheria inakitaka kama kima cha chini, na Kanuni ya 38(3) inasema wazi kwamba haipunguzi likizo ya mwaka. Likizo yangu ya mwaka huu nimekwisha kuimaliza, mwezi Mei. Pia sitaomba siku hizi zibadilishwe kuwa fedha. Kanuni hairuhusu, na hata ingeruhusu, ninachohitaji ni mapumziko.

Tarehe nimezichagua kwa kuangalia kazi. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba nitakuwapo mwanzo hadi mwisho. Kufikia tarehe 20 Oktoba mchuzi wa zabibu wa mwisho utakuwa umekwisha kuchachuka na mvinyo umehamishwa matangi kuacha machicha yake. Nitakuwa nimerudi kabla malori ya msimu wa Februari hayajaanza kupanga foleni getini.

Hata hivyo, miezi hiyo mitatu si ya kulala. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto kali, na joto ndilo adui wa mvinyo uliotulia. Napendekeza msaidizi wangu wa zamu ya usiku akaimu nafasi yangu. Nimefanya naye kazi kwa miaka 9, naye ndiye aliyebaki macho hadi alfajiri umeme ulipokatika Novemba iliyopita, akipima joto la kila tangi kila baada ya nusu saa mpaka jenereta ilipotengemaa. Namwamini. Naomba alipwe posho ya kukaimu kama Kanuni ya 21 inavyotaka, na alipwe tangu siku ya kwanza, si baada ya mimi kurudi.

Makabidhiano nimepanga tuyafanye kwa wiki mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Nitamkabidhi funguo za stoo ya kemikali mbele ya ofisa usalama, tukihesabu salfa kwa kilo na kusaini. Tutapita tangi kwa tangi: ujazo, joto, tarehe ya kuhamishwa, na kama limejazwa hadi juu hewa isipate nafasi. Kuna tangi moja, la tatu kutoka mlango wa mashariki, ambalo kizibo chake cha chini huanza kudondosha matone taratibu joto likipanda. Matone hayo hayaonekani mchana kwa sababu sakafu hukauka upesi; lazima mtu apitishe kidole pale chini asubuhi na mapema. Jambo hili halimo kwenye mwongozo wowote, na ndiyo sababu nataka tulipitie kwa mikono.

Nitamkabidhi pia daftari la wakulima na kipima sukari cha mkononi. Kipimo hicho ndicho kinachoamua bei ya mzigo, na mkulima aliyetoka Hombolo au Mpunguzi na tela lake husimama karibu kabisa kuangalia. Kwa miaka yote hii nimekioshea kwa maji safi ya maabara mbele ya macho yake na kukirudisha kwenye sifuri kabla ya kuweka tone la zabibu zake, kisha nikampa asome mwenyewe. Ningependa anayekaimu auzoee utaratibu huo Septemba tukiwa wote mizanini, ili hata nisipokuwapo mkulima asije akahisi kimebadilika kitu.

Kanuni hainitaki nitoe sababu ya likizo, lakini naona ni uungwana kusema. Mama yangu yuko Mpwapwa, umri umekwenda, na nyumba anayoishi inavuja. Nataka kuiezeka upya kabla mvua hazijakolea mwezi Desemba, na nikae naye kwa utulivu, si kwa zile safari za Jumamosi na kugeuza Jumapili. Sitafanya kazi ya malipo kwa mtu mwingine muda wote wa likizo. Simu yangu itakuwa hewani kwa anayekaimu endapo kutatokea dharura ya matangi, ingawa naomba isigeuzwe kuwa kazi ya kila siku.

Endapo mahitaji ya kazi yatalazimu tarehe zisogezwe, Kanuni ya 38(6) inampa Meneja uwezo wa kuahirisha mara moja, kwa maandishi na kwa kutaja tarehe mpya. Nitakuwa tayari kuzungumza. Ila naomba izingatiwe kwamba kuahirisha hadi Machi kutaniweka katikati ya mvuno, na kuahirisha hadi Juni kutanifanya niezeke nyumba baada ya mvua kuishambulia msimu mzima.

Naomba majibu ya maandishi kufikia Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025, ili idara ipate muda wa kupanga zamu. Kama bado kuna shaka juu ya utumishi wangu kabla ya Julai 2008, naomba niitwe nije na nakala halisi kabla uamuzi haujaandikwa.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika utumishi,

(Saini)
Neema Chidawali
Msimamizi wa Mapokezi ya Zabibu na Matangi

Viambatisho: Barua ya ajira ya 4 Machi 2002, barua ya kuendelea na utumishi ya 1 Julai 2008, kibali cha likizo bila malipo cha Mei 2013, taarifa ya michango ya NSSF, rasimu ya ratiba ya makabidhiano.

Nakala: Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Kiwandani.
Jalada binafsi.