Oda ya gunia 300 za maharage, na jibu la kikundi

Wanakikundi wote, salaam.

Hapa chini ni oda iliyoingia jana kwenye barua pepe ya kikundi. Jina la taasisi nimeliondoa, maana nina wasiwasi wenye jina lao hawajui kwamba linatumika. Jina na namba ya huyo wanayemwita wakala nimeyaondoa pia, asije mtu akatuma hela kwa pupa. Chini ya oda ni jibu letu, ambalo Mama Mwenyekiti amelisoma na kulisaini. Naomba msome vyote viwili mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Katibu

ODA YA UNUNUZI

Tarehe: 9 Juni 2025
Kutoka: Idara ya Ununuzi na Ugavi, Makao Makuu, Dar es Salaam
Kwa: Mwenyekiti wa Kikundi, Uyole, Mbeya

Yah: Ununuzi wa maharage kwa mpango wa dharura wa chakula

Hongereni sana. Baada ya kupitia orodha ya wasambazaji wa Nyanda za Juu Kusini, Taasisi imeridhika na sifa zenu na imewateua kusambaza bidhaa ifuatayo:

Bidhaa: Maharage safi, daraja la kwanza
Kiasi: Gunia 300
Bei: Sh 340,000 kwa gunia
Thamani ya oda: Sh 102,000,000
Mahali pa kupokelea: Ghala la Taasisi, Makambako
Malipo: Nusu mara baada ya kukamilisha usajili, nusu ndani ya saa 48 baada ya mzigo kupokelewa

Masharti:

1. Kwa kuwa ninyi ni msambazaji mpya, mtasajiliwa na kukaguliwa na wakala wetu aliyeidhinishwa. Gharama ni sh 450,000 za usajili na sh 1,350,000 za cheti cha ubora, jumla sh 1,800,000.

2. Fedha hizo hazilipwi kwa Taasisi. Zitumwe moja kwa moja kwa wakala kwa namba ya simu mtakayopewa, na zitarejeshwa zote pamoja na malipo ya awamu ya kwanza.

3. Mwisho wa kulipa ni Jumatano tarehe 11 Juni, saa 10 jioni. Baada ya hapo oda itahamishiwa kwa msambazaji mwingine wa Njombe ambaye tayari yuko kwenye orodha ya akiba.

4. Kwa sababu za kiusalama, oda hii ni siri baina ya Taasisi na Mwenyekiti. Mawasiliano yote yafanyike na Afisa Ununuzi kwa simu yake ya mkononi.

Afisa Ununuzi
(muhuri na saini)

JIBU LA KIKUNDI

Uyole, Mbeya
10 Juni 2025

Ndugu Afisa Ununuzi,

Yah: Oda yenu ya tarehe 9 Juni 2025 ya gunia 300 za maharage

Tumeipokea oda yenu. Hatutamlipa wakala. Mzigo tunao na tuko tayari kuuza, kwa utaratibu tutakaoueleza hapa.

Sisi ni wauzaji. Katika biashara ya maharage hela hutoka kwa mnunuzi ikaja kwa muuzaji, na maharage yakatoka kwa muuzaji yakaenda kwa mnunuzi. Oda yenu inataka sisi tuwe wa kwanza kutoa hela, tena tumpe mtu wa tatu tusiyemjua, kwa kazi ambayo ninyi ndio mnaoihitaji. Kama mkaguzi ni wenu na cheti ni kwa ajili ya kuwaridhisha ninyi, basi mlipeni ninyi.

Jana mchana Mama Mwenyekiti alikupigia, ukamwambia kwamba ni utaratibu wa kawaida na kwamba hela itarudi yote. Akakujibu: kama itarudi yote, isitoke kabisa, mkate hiyo sh 1,800,000 kwenye nusu ya kwanza ya malipo. Nusu hiyo ni sh milioni 51. Mkikata, sisi tunabakiwa na zaidi ya milioni 49 na wakala wenu anapata chake siku hiyo hiyo, hakuna anayepoteza. Ulisema mfumo hauruhusu. Tumelikalia jibu hilo jioni nzima. Mnunuzi mwenye milioni 102 za kununua maharage anashindwaje kumtangulizia mkaguzi wake milioni 1.8, halafu anategemea akina mama wa Uyole wamtangulizie? Hatukupata maelezo mengine isipokuwa kwamba hiyo milioni 1.8 ndiyo biashara yenyewe.

Tuzungumzie na maharage, maana hapo ndipo tulipoanza kushtuka, hata kabla ya kufika kwenye hela. Oda yako inasema "maharage safi, daraja la kwanza", basi. Haisemi ni ya njano, mekundu au ya mchanganyiko. Haisemi gunia ni la kilo ngapi, na huku kwetu, palipo na ugomvi wa rumbesa kila msimu, hakuna mnunuzi wa mzigo mkubwa anayeandika neno gunia bila kilo. Haiulizi unyevu. Msimu huu maharage ndiyo kwanza yanatoka shambani, mengine bado yako juu ya turubai, na anayenunua ili aweke ghalani jambo la kwanza analoogopa ni kununua maji. Wanunuzi wetu wa kila mwaka wakifika hapa huchota kiganja kimoja juu ya gunia, kingine huchomoa katikati kwa bambo, wanamwaga kwenye sinia na kuanza kutenga: yaliyovunjika huku, yaliyosinyaa kule, mawe pembeni. Punje yenye kitundu kidogo cha mdudu wanainyanyua kwenye mwanga. Wengine huitafuna kusikia kama inalia au inanata. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuvutana bei. Wewe hujauliza hata sampuli ya kilo moja, na umepanga bei ya juu kuliko tunayoiomba sisi wenyewe tukiwa na matumaini makubwa.

Umesema mmetuchagua kwenye orodha. Hatukuomba zabuni yoyote kwenu. Kama fedha ni ya umma, tunajua ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa NeST, na msambazaji anajisajili humo mwenyewe. Kama ni malipo ya taasisi ya Serikali, hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba, na kabla hujathibitisha kulipa unaona jina la taasisi inayolipwa. Na kama ni taasisi binafsi au shirika, lina akaunti ya benki kwa jina lake. Wakala wako ana laini ya simu. Tulipojaribu namba ile kwa hatua ya kutuma, bila kumalizia, lilikuja jina la mtu binafsi, tena si jina ulilotuandikia. Cheti cha ubora ukikihitaji kweli, Shirika la Viwango Tanzania lipo, na mizani zetu zinakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Wote hao tunajua pa kuwapata, na hawatumiwi hela kwenye simu ya mtu.

Sharti la nne ndilo lililotuuma kuliko yote. Mmemtaka Mwenyekiti afanye siri. Hela ya kikundi hiki si ya Mwenyekiti. Ni hisa za kila wiki za wanawake wanaolima robo eka na nusu eka, na kuna mjane aliyeweka humu hela ya mbegu ya mwakani. Oda yenu ilipoingia, mmoja wetu alishaanza kuulizia mkopo wa VICOBA wa sh 600,000 ili kujazia, kwa furaha tu ya kuona milioni 102 imeandikwa kwenye karatasi. Hatumlaumu hata kidogo. Mtu ambaye maharage yake yananunuliwa na dalali kwa bei ya kubanwa, akiletewa karatasi yenye muhuri inayomwita msambazaji, lazima moyo umruke. Mliandika karatasi hiyo mkijua hivyo. Ndiyo maana tumeifanya siri yenu kuwa mali ya kikundi kizima, na oda hii imesomwa kwa sauti mbele ya wanachama.

Barua pepe yenu imetoka kwenye anwani ya bure, ya aina ambayo mtu yeyote anafungua kwa dakika mbili. Leo asubuhi tumeipigia taasisi ambayo jina lake liko juu ya oda, kwa namba iliyoko kwenye tovuti yao na si ile uliyotuandikia. Mapokezi wamesema hawana afisa wa jina lako. Wametuomba nakala, na tumewatumia. Namba yako na ya wakala tumezituma kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokea taarifa za utapeli, na nakala ya karatasi hizi tunaipeleka kituo cha polisi.

Pamoja na hayo, tunaacha mlango wazi, kwa kuwa hatutaki kumkosea mnunuzi hata mmoja. Kama ofisi yako ipo kweli, fanya hivi. Leta mtu Uyole, siku yoyote kuanzia saa 3 asubuhi, aone maharage na achukue sampuli. Aje na oda inayotaja aina, unyevu, uzito wa kila gunia na namba ya mlipakodi ya mnunuzi. Lipa nusu kwenye akaunti ya benki ya kikundi, kutoka akaunti yenye jina la taasisi. Sisi tutasubiri benki ituthibitishie kwamba hela imeingia, kwa kuwa picha ya risiti inayotumwa kwa WhatsApp hatuipokei. Hela ikishaonekana, tutapakia, na risiti ya mashine utapewa. Mkaguzi wako aje na gari lako, kwa gharama yako, apime mpaka aridhike. Tutampikia na chakula.

Sh 340,000 kwa gunia hatuitaki. Gunia la kilo 100 lililochambuliwa tutakuuzia kwa bei ya soko ya siku hiyo, kama tunavyowauzia wengine.

Mpaka hayo yatimie, usimpigie tena Mwenyekiti wala mwanachama mmoja mmoja. Andika kwenye barua pepe ya kikundi, ambayo sasa inasomwa na watu watatu.

Kwa niaba ya kikundi,

Mwenyekiti
Katibu
Mweka Hazina

Nakala: Wanakikundi wote
Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata
Taasisi iliyotajwa kwenye oda