Idi, fomu yako sijaisaini

Mwanangu Idi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Fomu ya udhamini nayo imefika, imekunjwa vizuri, na pale pa kutia sahihi umenichorea duara jekundu nisije nikakosea. Hapo nilicheka. Nikapanda juu kwenye madhumuni ya mkopo, nikakuta umeandika "kupanua biashara", kicheko kikakatika. Biashara ipi, Idi? Ukweli uliusema usiku ule kwenye ujumbe wako: fedha nyingi itaingia bitikoini, itakayobaki utaigawa kwenye koini ndogondogo ambazo hata kuzitamka ulimi wangu umegoma.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu, unanitumia picha ya chati.

Sikuandikii kukuambia kripto yote ni utapeli. Ungeniona mzee wa zamani, na ungekuwa na haki, maana wapo walionunua kwa akiba yao, wakatulia, wakafaidi. Mimi koini sizijui sana. Deni ndilo ninalolijua. Nimekaa dirisha la mikopo miaka 26, nimeona watu wakikopa kwa ajili ya mazao, magari, nyumba, na wengine kwa ajili ya ndoto tu. Niliyojifunza ni kwamba mara nyingi mtu haangushwi na kitu alichonunua. Anaangushwa na tarehe.

Umeniambia, "Shangazi, bitikoini hushuka lakini hurudi." Sawa. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Ikarudi, ndiyo, ikaivuka ile 69,000 Machi 2024. Hesabu mwenyewe: miaka miwili na miezi minne. Mkopo unaoomba ni wa miezi 12, na rejesho la kwanza linakatwa mwisho wa mwezi ujao. Aliyenunua juu kabisa kwa fedha zake aliweza kufunga simu akaenda kulima, akarudi 2024 akakuta mali yake. Aliyenunua kwa mkopo aliuza njiani, tena akiwa chini, kwa kuwa chama cha akiba na mikopo hakikubali kulipwa kwa subira. Hiyo subira unayoisifia ndiyo kitu pekee ambacho mkopo hautakuuzia.

Hebu tuchukue kalamu, maana najua maneno hayakutoshi. Tuseme umekopa 100, riba asilimia 2 kwa mwezi kwa salio linalobaki, miezi 12. Rejesho ni kama 9.5 kila mwezi. Umesema utakuwa unauza koini kidogo kulipia rejesho "ili mshahara nisiuguse". Haya. Mwezi wa kwanza bei inashuka asilimia 30, jambo ambalo kwenye soko hilo halimshangazi mtu. Zile 100 zimekuwa 70. Unatoa 9.5, unabaki na 60.5. Mwezi wa pili bei imesimama palepale, unatoa tena, 51. Wa tatu, 41.5. Mwezi wa nne neema inashuka, bei inarudi pale pale uliponunulia, unaniandikia ujumbe wenye roketi tatu. Fungua sasa waleti: una kama 59. Deni lililobaki ni kama 77.

Soma tena hapo. Bei imerudi, haikupoteza hata senti, lakini wewe umepungukiwa. Rafiki yako aliyenunua siku hiyohiyo kwa akiba yake ana 100 zake kamili. Mmenunua kitu kimoja kwa bei moja saa moja. Kilichowatofautisha ni hii fomu.

Na hapo nimekupa mfano mpole. Sijaingiza ada za kununua na kuuza, wala siku utakayoamka na hofu ukauza kila kitu alfajiri.

Kuna neno ulilipitisha haraka ukadhani sikulisikia: kwamba kwenye soko lenyewe utatumia "mara 20". Nilimuuliza kijana mmoja anayejua mambo hayo, akanieleza bila kuficha. Soko linakukopesha juu ya fedha yako, kwa hiyo ukiweka 1 unacheza kama mwenye 20. Bei ikipanda asilimia 5 umeongeza mara mbili, hapo ndipo vijana mnapopigiana picha. Ikishuka asilimia 5, hata kabla haijafika hapo, mashine inakufungia nafasi yako kwa lazima na kila ulichoweka kinakwenda. Kesho yake bei ikipanda haikuhusu tena. Bitikoini kutikisika asilimia 5 kwa siku moja ni kawaida, na hizo koini zako ndogo hutikisika zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana. Sasa wewe unachukua mkopo wa chama, unauingiza ndani ya mkopo wa soko. Miaka yote ile dirishani sikupata kuona mtu akikopa ili apate cha kuwekea dhamana ya kukopa tena. Niliona wa kukopa ili alipe mkopo mwingine, na hao walikuwa wakija wakiwa wameinamisha kichwa. Wewe umekuja na kalamu nyekundu.

Halafu ile programu ya mikopo ya simu, "ya kujazia kidogo". Ada asilimia 9 kwa siku 30. Wanaandika 9 kwa kuwa 9 haitishi. Zidisha kwa miezi 12, ni zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka. Ifute.

Umenieleza pia habari za yule mnayemwita mwalimu kwenye kundi la Telegramu, anayewatangazia koini ya kununua na saa ya kununua. Nina swali moja tu: yeye alinunua lini? Kama alijaza kapu wiki iliyopita, basi ninyi mnaponunua kwa pamoja saa mbili usiku, bei inapanda, na yeye anapata wa kumuuzia. Mwenye siri ya faida hahitaji wanafunzi elfu tatu. Na hilo soko alilowaelekeza, umewahi kutoa fedha humo ikaingia mkononi? Sizungumzii faida unayoiona kwenye kioo. Ukisikia "lipa kodi kwanza ndipo utoe", ujue hakuna cha kutoa.

Usidhani wanaoliwa ni wajinga tu. Mei 2022 koini iliyoitwa Luna ilitoka zaidi ya dola 60 ikawa chini ya senti moja ndani ya siku chache. Ilikuwa miongoni mwa kubwa duniani, na dada yake UST ilisemwa ni ya dola moja daima. Watu walikuwa wakiweka UST mahali palipolipa karibu asilimia 20 kwa mwaka. Unaona mtego ulipo kwa mtu kama wewe: kopa kwa riba ndogo, weka kwa riba kubwa, kula tofauti. Karatasini inapendeza mno. Juni mwaka huohuo kampuni ya Celsius ikawafungia wateja mlango wa kutoa fedha. Novemba, soko la FTX likafilisika, na mwenye nalo akahukumiwa miaka 25 jela mwaka 2024. Wadai wa soko la Mt. Gox, lililofungwa 2014, walianza kurudishiwa sarafu zao 2024. Miaka kumi! Hao wote koini zao zilikuwa zinaonekana kwenye simu kama zako. Soko likifunga mlango, rejesho lako halifungi. Mshahara utakatwa hivyo hivyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijapata kulisema nyumbani kwetu. Nilipokuwa na umri kama wako nilichukua mkopo wa mshahara, nikaupeleka wote kwa mtu aliyekuwa akikusanya fedha kwa ahadi ya kurudisha mara mbili baada ya siku 90. Mimi, karani wa mikopo, niliyekuwa nikiwahoji watu "madhumuni ni nini?" Niliandika "ukarabati wa nyumba". Awamu ya kwanza alilipa kweli, ndiyo iliyonimaliza, maana niliichukua na kumrudishia yote. Siku ya 90 ya awamu ya pili ofisi yake ilikuwa na kufuli. Nililipa deni lile miaka miwili. Kila mwisho wa mwezi nilijikatia mwenyewe makato kwenye daftari, kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu. Kulikuwa na miezi miwili ambapo mshahara haukutosha, na baba yako alinipa bila kuuliza. Niliwahi kumwambia ni za dawa. Alijua si za dawa.

Kwa hiyo nikiona "kupanua biashara" siuoni ujanja wako, nauona mwandiko wangu.

Na wadhamini, umewafikiria? Ukishindwa, chama hakiendi kuitafuta bitikoini. Kinachukua akiba za waliokuwekea sahihi. Yule mwenzako wa kazini uliyesema ameshakubali ana mtoto anayeanza shule. Kamwambie madhumuni ya kweli kwanza, umtazame usoni, kisha uone kama kalamu yake bado ni nyepesi.

Kama moyo hautulii bila koini, nunua. Weka kila mwezi kiasi ambacho kikipotea chote utasonya tu na kulala. Uweke kwa fedha yako, bila "mara" yoyote, kwa mwaka mzima. Andika kwenye daftari umenunua lini, kwa bei gani, ada kiasi gani. Mwisho wa mwaka uje tukae, unifundishe, nami nitasikiliza bila kukukatiza kama unavyonikatiza wewe. Na kama tayari umeshakopa mahali usiponiambia, niambie sasa deni lingali dogo. Deni dogo tutalipanga pamoja, nina uzoefu wa hilo kuliko unavyofikiri.

Fomu yako nimeiweka ndani ya bahasha hii, duara lako jekundu likiwa tupu. Nyingine ukileta, ya cherehani, ya pikipiki, ya ada ya chuo, nitaisoma siku hiyohiyo.

Baba yako sijamwambia. Ila jana ameniuliza kwa nini siku hizi huji, na akiniuliza mara ya pili sitasema ni mambo ya dawa.

Shangazi yako