Mpango wa St Andrews: dada na gofu yake, shemeji na bahari yake

Dada, shemeji, hamjambo. Mpango ndo huu, nimeukalia vizuri jamani, naomba muusome wote wawili, sio dada asome halafu amsimulie shemeji nusunusu.

Kitu kimoja kwanza maana kila kitu kimekaa juu yake. Siku za shemeji zimepangwa zenyewe, hazisubiri gofu iishe. Raundi ya mashimo 18 ni kama saa nne na zaidi, ongeza kupasha mwili moto, kuoga na kupiga stori na wenzio mliocheza pamoja, siku imeisha, sa mtu asiyecheza akiambiwa "nisubiri nakuja" ndo safari inaharibika hapo. Kwa hiyo mnaachana asubuhi kila mtu na lake, mnakutana saa kumi na mbili jioni hotelini, na dada akichelewa shemeji asipigiwe simu ageuze basi njiani.

Jumamosi mnafika. St Andrews, huko Scotland, haina stesheni ya treni, ilifungwa 1969, kwa hiyo kutoka Edinburgh mnapanda treni mpaka Leuchars, kama saa nzima hivi, halafu basi namba 99 linawafikisha mjini kwa dakika kama kumi. Jioni hiyo msipange chochote, Juni kule jua linazama karibu saa nne usiku, mtatembea tu ufukweni West Sands mnyooshe miguu.

Jumapili nimeiweka makusudi iwe siku ya pili. Old Course, ule uwanja mkongwe wa gofu, Jumapili haichezwi, inakuwa uwanja wa watu wote, wenye mbwa, wenye watoto, yeyote anaingia kutembea. Shemeji hii ndo nafasi yako ya kuona kinachomkosesha mwenzio usingizi bila mtu kukupigia kelele uondoke njiani. Vukeni daraja la Swilcan mpige picha, ni kadogo, ka mawe, watu wanashangaa wakikaona. Afu dada amuonyeshe zile grini kubwa, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, maana nyingi zina mashimo mawili, moja la kwendea na moja la kurudia, na ukijumlisha namba zake unapata 18, la pili na la 16, la tatu na la 15 na kuendelea. Shemeji unapenda hesabu, hii utaikumbuka. Na kuna barabara inakatiza katikati ya shimo la kwanza na la 18, inaitwa Granny Clark's Wynd, siku za kawaida mtu anasimama pale anasubiri wachezaji wapige ndo avuke.

Jumatatu dada uko New Course asubuhi, nshakubukia. Isikuchanganye jina, "New" hiyo ni ya 1895. Shemeji wewe unabaki mjini kwa miguu, magofu ya kanisa kuu kwanza, lilianza kujengwa 1158 likazinduliwa 1318 mbele ya mfalme Robert the Bruce, sasa hivi zimebaki kuta na upepo wa bahari. Mnara wa St Rule upo hapohapo, una mita 33, ngazi zake za ndani zinazunguka na ni nyembamba, sasa na goti lile angalia mwenyewe, ukiona hapana kaa chini tafuta kaburi la Old Tom Morris, yule mcheza gofu wa zamani, lipo makaburini hapo, umpigie dada picha atafurahi sana. Halafu ngome, ni mwendo mfupi tu. Huko ndo kuna kitu nakitaka ukione kwa macho yako: 1546 hadi 1547 ngome ilizingirwa, waliokuwa nje wakachimba handaki kwenye mwamba ili waingie kwa chini, waliokuwa ndani wakasikia wakachimba la kwao kwenda kuwakuta, wakakosea, wakaacha, wakaanza tena mpaka wakawapata. Mahandaki yote bado yapo na unaingia. Sehemu ya waliojihami ni ya kuinama sana, goti tena, lakini hata ukiishia mlangoni unaona alama za sululu.

Jioni ya Jumatatu dada kuna jambo lako. Unacheza peke yako, na bahati nasibu ya kawaida ya kugawa nafasi za Old Course inataka kuanzia watu wawili, kwa hiyo wewe ni ile ya mchezaji mmoja, unajiandikisha ukiwa hapohapo siku moja kabla na matokeo yanatoka jioni. Beba cheti chako cha handikapu, usikiache kwenye begi kubwa. Ukipata, Jumanne unacheza Old. Usipopata, unacheza viwanja vingine, Eden au Strathtyrum, unajaribu tena Jumatano kwa ajili ya Alhamisi. Upate usipate, siku ya shemeji haiguswi.

Na Jumanne ya shemeji ndo siku kubwa kuliko zote kwangu. Basi namba 95 mpaka Anstruther, hapo unapanda boti kwenda kisiwa cha May. Saa ya kuondoka inafuata maji kujaa na kupwa, hilo wewe wa bandarini sikuelezi, kwa hiyo ratiba inabadilika kila siku, nimechagua Jumanne kwa sababu boti ni ya kati ya siku na huna haja ya kukimbilia basi la alfajiri. Juni ndege wa pafini wamejaa, wale wafupi weusi na weupe wenye midomo ya rangi rangi, wanatagia kwenye mashimo ardhini, usitoke nje ya njia utawakanyagia nyumba. Vaa kofia ngumu kidogo! Kuna ndege wengine weupe wanalinda mayai karibu na unaposhukia, wanakushukia kichwani na kudonoa kweli. Juu kabisa kuna mnara wa taa wa Robert Stevenson wa 1816, na karibu yake mabaki ya ule wa kwanza wa 1636 uliokuwa unawashwa makaa ya mawe juu ya paa. Ukae hapo muda wako. Ukirudi bandarini na nguvu bado ipo, makumbusho ya uvuvi ya Scotland yanatazamana na maji palepale. Bahari ikichafuka boti haiendi, basi makumbusho yanakuwa ndo ya kwanza na unamalizia kwa kutembea Pittenweem na Crail, basi ni lilelile.

Jumatano hakuna fimbo, dada tafadhali. Lala. Mchana nendeni Himalayas wote wawili, ni uwanja wa kusukuma mpira shimoni tu, una vilima na mabonde, ni wa klabu ya wanawake ya tangu 1867 na mgeni yeyote anacheza. Asiyejua gofu anaweza kumshinda anayejua, shemeji usimwonee huruma. Dada usimfundishe isipokuwa akiuliza.

Alhamisi dada Old au Eden. Shemeji basi 99 hadi Dundee, meli ya RRS Discovery, ya mbao, ilijengwa mjini humo ikashushwa majini 1901, ndo iliyompeleka mvumbuzi Scott kusini kwenye barafu. Omba wakuonyeshe chumba cha injini. Jirani yake ni makumbusho ya V&A, ingia kama miguu inakubali. Kama dada amepata Old ya mchana, rudi mapema ukasimame nje ya uzio pembeni ya grini ya 18, ni barabara ya watu wote, umuone akimaliza.

Ijumaa mnatoka saa tatu asubuhi, basi la 99 tena mpaka Leuchars. Makoti ya upepo ni mawili, la shemeji pia, msibebe la dada peke yake.