Pasipoti dakika 15, picha za familia Jumatatu hadi Jumamosi: karibu studio, Magomeni Mapipa

Huyo bibi mnayemwona katikati hapo juu alikuja Jumamosi na watoto, wakwe na wajukuu, jumla watu 11. Khanga zimeshonwa sare, viatu vimepigwa rangi. Mjukuu mdogo kuliko wote akagoma kabisa kuangalia kamera, macho yake kwenye mwavuli wa taa tu. Tulipiga nyingi ambazo wote wametulia, lakini bibi mwenyewe akachagua hii, mtoto kageuza shingo. Ndiyo iliyokwenda kwenye fremu, na ametupa ruhusa tuiweke hapa.

Sasa mnaouliza "bei gani?" kila siku, tunaiandika yote hapa ili usije ukafika mlangoni ukashtuka.

PASIPOTI SAIZI
Picha 4: sh 4,000
Picha 8: sh 6,000
Ukitaka na softi kopi kwa WhatsApp au barua pepe, ongeza sh 2,000
Unasubiri dakika 15, unaondoka nazo mkononi.

Hizi ni za fomu za chuo, maombi ya mkopo HESLB, kazi, benki, leseni na kadhalika. Nyuma tunaweka bluu au nyeupe. Tafadhali soma tangazo lako kabla hujaja, maana wengine wanataka bluu na wengine nyeupe, na sisi hatuwezi kukubahatishia. Kama tangazo liko kwenye simu, tuonyeshe tu, tutalisoma pamoja.

Koti na tai tunaazimisha bure, saizi ndogo hadi kubwa. Kioo, kitana na poda ya kukausha jasho vipo. Ukishuka kwenye mwendokasi saa nane mchana, hiyo poda utaihitaji, uwe mwanamume au mwanamke.

PICHA ZA VIZA
Picha 2 na softi kopi: sh 10,000. Muda: dakika 30.

Bei imepanda kidogo hapa kwa sababu kila nchi ina vipimo vyake na tunapima moja moja kwa rula kabla hatujakukabidhi. Marekani wanataka mraba wa milimita 51 kwa 51, nyuma nyeupe, bila miwani, hata kama unaivaa tangu darasa la pili. Nchi za Schengen ni 35 kwa 45, na uso ujaze asilimia 70 hadi 80 ya picha. China ni 33 kwa 48. India nao wanatumia mraba. Ukituambia "nataka ya viza" bila kutaja nchi, swali letu la kwanza litakuwa ya wapi, usichoke kutujibu.

Wanaojaza bahati nasibu ya Green Card: ile haihitaji karatasi, inahitaji faili. Tunakupa JPEG ya mraba, pikseli 600 kwa 600, isiyozidi 240 KB, sh 5,000 kwa kila mtu. Picha iwe imepigwa ndani ya miezi sita, kwa hiyo usije kutuomba tukutolee ya mwaka jana kwenye kompyuta. Mume, mke na watoto kila mmoja anapigwa yake.

Mambo manne ya mavazi na uso, kwa sababu ndiyo yanayotupotezea muda mwingi:
Shati jeupe kwenye nyuma nyeupe linapotea, unabaki kichwa kinaelea. Vaa rangi iliyokolea.
Dada zetu wa hijabu, karibuni na hijabu zenu, ila isiwe nyeupe, na isilete kivuli usoni. Uso uonekane wote, kuanzia kidevu hadi juu ya paji.
Kofia ya kapelo hapana. Hata ya timu yako.
Usitabasamu meno yote nje. Uso wa kawaida, mdomo umefungwa, macho wazi.

Na jambo moja ambalo tutabishana nalo mpaka kesho: kovu, alama ya kuzaliwa au kipara hatukifuti kwenye picha ya viza wala pasipoti. Picha hiyo italinganishwa na uso wako dirishani. Ukitaka ung'are, kuna picha za familia hapo chini, huko tunakung'arisha unavyotaka.

Watoto wachanga bei ni ile ile. Tunawalaza kwenye shuka jeupe na kuwapiga kutoka juu, mkono wa mama usionekane. Mlete akiwa ameshiba na amelala kidogo. Akija na njaa hata sisi tunalia naye. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili tenga saa nzima, hatukukimbizi.

PICHA ZA FAMILIA
Sh 50,000: watu hadi 6, nusu saa ndani ya studio, picha 5 zilizofanyiwa kazi, softi kopi zake, na moja tunaisafisha saizi ya A4.
Sh 90,000: watu hadi 15, saa nzima, picha 10, softi kopi, na moja ya A3 ndani ya fremu tayari kutundikwa.
Mtu wa ziada sh 3,000. Mtoto anayebebwa hahesabiwi.
Fremu peke yake: A4 sh 15,000, A3 sh 30,000, A2 sh 55,000.

Softi kopi zinatoka baada ya siku 2 za kazi, fremu siku 4. Wiki ya Iddi na Desemba nzima fremu ni siku 7, tunasema ukweli mapema. Una haraka, ndege ni kesho? Ongeza sh 15,000, fika kabla ya saa 6 mchana, softi kopi unazipata jioni hiyo hiyo.

Mnaokuja na babu au bibi asiyeweza kusimama muda mrefu: viti vipo, mlango hauna ngazi, na yeye tunampiga kwanza. Asiyeweza kutoka kabisa tunamfuata nyumbani. Magomeni, Kigogo na Manzese ni sh 20,000 ya usafiri juu ya bei ya kawaida, kwingine tuelewane.

SAA ZA KUFIKA BILA MIADI
Jumatatu hadi Alhamisi: saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku
Ijumaa: saa ni hizo hizo, ila tunafunga kwa swala kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana
Jumamosi: saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni
Jumapili: saa 7 mchana hadi saa 11 jioni, pasipoti na viza tu

Pasipoti na viza ingia tu, anayefika kwanza ndiye anayepigwa kwanza. Familia ya watu 6 au pungufu nayo inaweza kuingia bila miadi siku za kazi. Zaidi ya hapo, au kama ni Jumamosi, tutumie ujumbe siku moja kabla, la sivyo mtapanga foleni na nguo zenu za kupendeza huku jasho likiwatoka. Umeme ukikatika tuna jenereta.

Malipo ni taslimu au lipa namba, mitandao yote. Familia mnalipa nusu mkifika na nusu mkichukua kazi. Picha ikikataliwa kwa kosa letu la kipimo, rudi nayo, tunakupiga upya bure.

Tupo Magomeni Mapipa, barabara ya Morogoro. Shuka kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa, vuka upande wa maduka ya vitambaa, ghorofa ya chini, mlango wa bluu wenye picha kubwa ya bwana na bibi harusi. Ukipotea, tutumie ujumbe hapa hapa, kijana atatoka kukupokea.