Ripoti ya ajali stoo, Jumanne 11 Novemba 2025

Bosi shikamoo, hii ndo ripoti ya ajali ya leo, nimeiandika kwa kufuata saa.

Saa 3:40 asubuhi fuso la vigae lilipaki mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa imekatika, pale mlangoni sakafuni kulikuwa na maji kama upana wa mita moja. Saa 3:55 vijana wawili wakaanza kushusha kwa mikono boksi moja moja, troli ilikuwa mbele inabeba saruji.

Saa 4:10 mmoja wao akiwa na boksi mguu wa kulia uliteleza akaanguka, boksi likatua kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Alivaa buti, glavu hakuvaa. Mi nilikuwa ofisini nikasikia kishindo tu, kuanguka sikukuona, hayo ya kuteleza kayasema mwenyewe na mwenzake kasema hivyohivyo, nimemuuliza kila mtu peke yake.

Kidole cha kati kilichanika chini ya ukucha, damu inatoka, cha pete kikavimba. Mwenzake akakiosha kwa maji safi akafunga bandeji. Saa 4:30 tukampeleka hospitali kwa bajaji, kashonwa nyuzi 3, eksirei imeonyesha kidole cha pete kina ufa, daktari kampa siku 14 za kupumzika.

Kazi ya kushusha ilisimama mpaka saa 5:15, sakafu ikakaushwa kwanza. Picha 4 nimetuma pamoja na hii, karatasi ya daktari ninayo, kesho asubuhi najaza taarifa ya WCF.